Neno lisilosomeka kabisa kwenye madaftari ya zamani: mnaliwekea alama gani?

BintiWaMwalimu:

Wakuu, habari zenu. Nachapa madaftari ya mama ya chuo cha ualimu, 1976 hadi 1978. Ni saikolojia ya elimu na mbinu za kufundishia, kauntabuku mbili nene, kalamu ya bluu, mwandiko ule wa kuunganisha wa zamani uliolalia kulia, neno zima linaandikwa bila kunyanyua mkono. Mwanzo wa kila kipindi unasomeka vizuri. Mkufunzi akishapamba moto, mama naye anamkimbiza, na chini ya ukurasa panabaki mawimbi tu.

Kuna maktaba ya chuo imekubali kupokea nakala, kwa hiyo si kitu cha kusomwa na sisi wa nyumbani pekee. Binamu yangu anasema neno likinishinda niweke nukta tatu nisonge mbele. Kaka anasema nikisie, "maana inajulikana". Mimi wote wawili wananitia wasiwasi. Maswali yangu ni mawili: nitajuaje kwamba neno hili kweli halisomeki na si kwamba mimi ndiye sijaliona vizuri? Na nikishakubali kwamba halisomeki, niandike nini pale?

Mfano wa yanayonitesa: "Njia _a kumpima mtoto", sijui ni *ya* au *za*. "Uha__ilisho wa mafunzo", sielewi kabisa. Na huu ndio mbaya kuliko yote: "Mtoto wa umri huu h_hitaji kusahihishwa mbele ya wenzake, kwani", halafu doa la chai limekula hadi mwisho wa mstari.

mwl_wa_zamu:

Mimi sioni ugumu. Mwanafunzi akiandika neno lisilosomeka hapati alama, basi. Ukianza kumhurumia kwa kukisia alichotaka kusema, kesho darasa zima litakuandikia mawimbi. Kwenye usahihishaji mimi nazungushia neno duara, naandika "?" pembeni, naendelea.

BintiWaMwalimu:

Mwalimu, nimecheka. Siyo alama za mtihani. Nachapa madaftari ya mama yangu, siwezi kumpa sifuri.

KamusiHai:

Dada, usihangaike. Kiswahili hakifichi kitu, kwa sababu sarufi inakulinda. Karibu kila silabi inaishia na irabu, na upatanisho unakuambia ngeli. Hapo kwenye "h_hitaji" angalia irabu ya mwisho tu. Kanusho la wakati uliopo linaishia na *i*: hapendi, hachezi, hasomi. Mazoea yanabaki na *a*: hupenda, hucheza, husoma. Sasa neno lako limeishia na *i*, kwa hiyo ni *hahitaji*. Limekwisha.

Mzee wa Makabrasha:

KamusiHai, kanuni yako ni ya kweli na nimeitumia miaka mingi kazini, lakini hapa haikusaidii. "Hitaji" limetoka Kiarabu, halibadilishi mwisho. *Huhitaji* na *hahitaji* yote yanaishia na *i*. Vivyo hivyo hufikiri na hafikiri, hujibu na hajibu, husahau na hasahau, husamehe na hasamehe. Kwa vitenzi vya namna hii herufi moja tu ndiyo inayobeba kukubali au kukana, na herufi yenyewe ni *u* dhidi ya *a*, ambazo kwenye mwandiko wa haraka wa kuunganisha ni ndugu wa tumbo moja. Chukua *a*, acha kuifunga juu, unapata *u*.

Kwa hiyo BintiWaMwalimu, neno ulilolitaja mwisho ndilo hasa la kuangaliwa kwa makini. Unasoma herufi saba kati ya nane, na hiyo moja iliyobaki inageuza somo zima. Mkufunzi alisema mtoto asahihishwe mbele ya wenzake, au alisema asisahihishwe? Mtu akiichapa kwa kukisia, msomaji wa maktaba atanukuu kwamba mwaka 1977 walimu walifundishwa hivi, kumbe walifundishwa kinyume chake.

Kuhusu swali lako la kwanza, mimi natenganisha hali tatu, na watu wengi huzichanganya zote kwenye nukta tatu za binamu yako. Kuna neno ambalo herufi zake zinaonekana ila wewe hulijui. Hilo linasomeka. Andika kile unachokiona, herufi kwa herufi, usiliguse. Kuna neno ambalo herufi chache zina mashaka na maneno mawili au matatu yanaingia. Hilo ni la mashaka, na msomaji ana haki ya kuyaona hayo mawili. Halafu kuna lile ambalo hata ukiulizwa lina herufi ngapi huwezi kujibu, au herufi ulizo na uhakika nazo hazitengenezi neno lolote. Hilo peke yake ndilo la kuandikiwa kwamba halisomeki. Na usiamue siku hiyo hiyo. Acha nafasi, chapa daftari lote, kisha rudi. Neno lililokushinda ukurasa wa 12 mara nyingi linajitokeza tena ukurasa wa 80 limeandikwa kwa utulivu, na huo mmoja unakufungulia mengine yote.

Sasa niambie kuhusu "uha__ilisho". Kati ya *a* na *i* unaona vilele vingapi?

BintiWaMwalimu:

Kama viwili au vitatu, vimeungana. Nilidhani *un* au *ui*.

MtuWaMvita:

Ndugu yangu, hiyo ni *w*. Uhawilisho! Huku Kenya kila leo twasikia uhawilishaji wa fedha kwa wazee na mayatima. Kuhawilisha ni kuhamisha kitu kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Uhawilisho wa mafunzo ni pale mtoto anachukua alichojifunza kwenye hesabu na kukitumia dukani.

Nyanda_Juu:

Hata Bongo, uliza mtu yeyote wa TASAF.

BintiWaMwalimu:

Jamani! Uhawilisho wa mafunzo. Na chini yake kuna mfano wa mtoto kuhesabu chenji. Nilikuwa tayari kuandika kwamba halisomeki, wakati kila herufi ipo.

Mzee wa Makabrasha:

Ndiyo hali ya kwanza hiyo. Neno "halisomeki" liwe linasema habari za wino na karatasi. Habari za msamiati wako ni jambo jingine. Hizo kauntabuku ni za wakati ambao istilahi za saikolojia kwa Kiswahili zilikuwa bado zinatafutwa, utakutana na maneno ambayo hayakudumu. Yachape yalivyo.

Hiyo *w* yenyewe iwekee kumbukumbu. Kwenye mwandiko wa kuunganisha *n*, *m*, *u*, *w* na *i* isiyo na nukta zote ni vilele tu. Hesabu vilele kabla ya kusoma neno, maana ukishasoma "ananunua" jicho litaacha kuhesabu.

KamusiHai:

Nakubali kwa hitaji, Mzee. Lakini kwa "njia _a kumpima" je? Hapo si upatanisho tu?

Mzee wa Makabrasha:

Upatanisho ungekuwepo kama kungekuwa na kitenzi. "Njia" ni ile ile kwa umoja na wingi. Angeandika "njia _a kumpima mtoto zinazofaa", tungemaliza. Lakini hiki ni kichwa cha habari, hakina kitenzi. Na walimu wa zamani walifundishwa *z* yenye mkia unaoshuka chini ya mstari, inayofanana sana na *y*.

BintiWaMwalimu, ndiyo maana kabla ya kubishana juu ya neno lolote unatakiwa kutengeneza alfabeti ya mama. Chukua karatasi, au jedwali kwenye Word, ukate picha ndogo za herufi kutoka kwenye maneno ambayo hakuna njia ya kuyakosea. Majina ya watu ni mazuri sana kwa kazi hii, kwa sababu mkufunzi wa saikolojia ya elimu lazima atawataja wale wale. Kuna Pestalozzi humo?

BintiWaMwalimu:

Yupo! Yule Mswisi. Amemtaja mara kadhaa, na kwa kweli mara ya kwanza nilisoma "Pestaloyyi" nikadhani ni Mfini.

Mzee wa Makabrasha:

Basi una *z* nne au sita ambazo hakuna wa kuzipinga. Ziweke kando ya *y* kutoka "yake", "hayo", "yaani". Angalia mwanzo wa herufi, kabla ya mkia. *Y* huanza na bonde lililo wazi juu, kama *u*. *Z* ya namna hiyo huanza na kigongo kilichofungwa juu, halafu inakunjika kiunoni ndipo inashuka. Mikia itakudanganya, usiitazame.

Nyanda_Juu:

Nina pingamizi kidogo. *Zz* ya katikati ya jina si sawa na *z* ya kuanzia neno. Katikati mkono unatoka kwenye *o* na unaingia kwa juu. Mwanzoni kalamu inashuka kutoka hewani. Mimi nilichapa barua za baba, nikagundua *z* zake za mwanzo na za kati ni herufi mbili tofauti kabisa. Atafute "zaidi", "zake", "zote".

Mzee wa Makabrasha:

Sawa kabisa. Pestalozzi akupe umbo, "zaidi" akupe mwanzo.

BintiWaMwalimu:

Nimefanya. "Zaidi" nimezipata tele. Kigongo juu kipo, kimefungwa. Kwenye "Njia _a kumpima" pia kipo. Na chini ya kichwa kuna orodha: maswali ya mdomo, kazi za mikono, mtihani, kumwangalia akicheza. Nachapa *za*, bila alama yoyote?

Mzee wa Makabrasha:

Bila alama. Umbo limesema na orodha imeunga mkono. Orodha peke yake isingetosha, maana mtu anaweza kuandika "njia ya" halafu akaongeza nyingine tatu. Alama ya shaka usiitawanye ovyo. Ukurasa wenye viulizo 40 msomaji ataacha kuviheshimu vyote, na kile kimoja kilicho muhimu kitapotea humo humo.

Maskati_Baharini:

Salaam kwenu. Mimi nina barua za babu za kutoka Pemba kuja Oman, kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu, naye alikuwa haweki nukta. Katikati ya neno *b*, *t*, *n* na *y* zote zinabaki jino moja lile lile. Nyinyi mnalia na *u* na *a*! Mimi nikiwa na shaka naandika neno zima kwa hati ile ile bila nukta, halafu ninavyolisoma kwa Kilatini mbele yake. Je, ni sahihi?

Mzee wa Makabrasha:

Ni sahihi na ni uaminifu wa hali ya juu, Maskati. Unampa msomaji kile kilichopo na kile unachodhani, na kila kimoja kina mahali pake. Ila hebu usije ukaongeza nukta kwenye ile hati yenyewe kana kwamba babu ndiye aliyeziweka.

BintiWaMwalimu:

Shukrani. Sasa turudi kwenye doa la chai. Naweza kufanya lolote, au ndiyo basi?

Nyanda_Juu:

Ni kalamu ya bairo au ya wino wa kuchovya?

BintiWaMwalimu:

Bairo ya bluu. Ukipapasa nyuma ya ukurasa unasikia mikwaruzo.

Nyanda_Juu:

Una bahati basi. Wino wa bairo ni wa mafuta, chai haiutoi. Chai imepaka rangi juu tu. Wino wa maji ungekuwa umeyeyuka na kusambaa. Kitu cha kufanya ni kuitazama picha kwa rangi nyekundu peke yake. Chai na karatasi iliyozeeka vinarudisha mwanga mwekundu, kwa hiyo vitaonekana vyeupe. Bluu inaumeza, kwa hiyo maandishi yanabaki meusi. Piga picha mchana karibu na dirisha, bila taa ya simu, au skani kwa rangi, siyo nyeusi na nyeupe, dpi 400. Kisha kama una ImageMagick:

```
magick ukurasa.jpg -channel R -separate nyekundu.png
```

Kama hutaki amri, fungua kwenye GIMP, Colors > Components > Decompose, chagua RGB, utapata matabaka matatu, chukua lile la nyekundu. Na kama mama alipiga mistari kwa kalamu nyekundu juu ya maneno, picha hiyo hiyo itaifuta mistari hiyo.

Usichezee karatasi yenyewe. Usiilowanishe, usiipige pasi. Nimeona mtu anafanya.

BintiWaMwalimu:

Wakuu. Sijui nianzie wapi. Doa limekuwa kijivu cheupe na maneno yametoka, isipokuwa pale katikati palipokolea sana. Nimepata hivi:

"Mtoto wa umri huu h_hitaji kusahihishwa mbele ya wenzake, kwani h_on_ haya."

Nimekaa nikaitazama hiyo sentensi hadi nikataka kulia kwa kicheko.

MtuWaMvita:

Salaale! Ni lile lile tena!

KamusiHai:

Ngoja, ngoja. "Hahitaji kusahihishwa mbele ya wenzake, kwani huona haya." Au "huhitaji kusahihishwa mbele ya wenzake, kwani haoni haya." Zote mbili zinasimama! Lakini akili ya kawaida inasema ya kwanza. Mwalimu gani atafundishwa kumuumbua mtoto?

Mzee wa Makabrasha:

Akili ya kawaida ya nani, na ya mwaka gani? Hilo la kwanza. La pili, inategemea "umri huu" ni upi. Mkufunzi anaweza kusema mtoto mdogo sana bado hajaanza kuona haya, umsahihishe hapo hapo kabla hajasahau. Akafika kwa mkubwa akasema kinyume. Juu ya aya hiyo ameandika umri gani?

BintiWaMwalimu:

Ukurasa wa nyuma yake umeanza na miaka 2 hadi 7, na 7 hadi 11 inaanza ukurasa unaofuata. Hii aya iko katikati, imesogezwa pembeni, haina kichwa. Inaweza kuwa mwisho wa ile au mwanzo wa hii.

Mzee wa Makabrasha:

Basi huo muktadha hautusaidii. Lakini angalia zawadi uliyopata: sasa kanuni ya KamusiHai inarudi kazini. "Ona" ni kitenzi cha Kibantu, kinabadilika mwisho. *Huona* kinaishia na *a*, *haoni* kinaishia na *i*. Ukijua herufi ya mwisho ya neno la pili, umejua herufi ya pili ya neno la kwanza. Na kuna jambo jingine: *haoni* lina herufi tano sawa na *huona*, na *h*, *o* na *n* zimekaa mahali pale pale, kwa hiyo tofauti ni herufi ya pili na ya mwisho tu. Tazama kilichopo kati ya *n* na "haya". Je, kuna duara, hata lililo wazi, au ni kilele kimoja kifupi? Kuna nukta?

BintiWaMwalimu:

Kwenye picha ya rangi ya kawaida kuna nukta juu, kidogo kulia. Nilifurahi sana. Kwenye picha nyekundu nukta imetoweka.

Nyanda_Juu:

Basi siyo wino. Ni tone la chai. Kama ingekuwa bluu ingebaki.

KamusiHai:

Kwa hiyo hakuna nukta, kwa hiyo siyo *i*, kwa hiyo ni *huona*, kwa hiyo *hahitaji*. Nimesema tangu mwanzo.

Mzee wa Makabrasha:

Ulisema tangu mwanzo kwa sababu nyingine. Lakini swali moja: mama huweka nukta kwenye *i* zake zote akiwa anakimbia?

BintiWaMwalimu:

Hapana. Kwenye ukurasa huo huo "hawezi" haina nukta, "hajui" haina. "Wanafunzi" ya juu inayo lakini imeangukia kwenye *z*.

Mzee wa Makabrasha:

Basi kukosekana kwa nukta hakutuambii kitu. Ingekuwepo, ingekuwa ushahidi. Kutokuwepo kwake kwa mwandishi wa namna hii siyo. Linabaki umbo.

BintiWaMwalimu:

Umbo ni mpando mmoja, halafu mstari wa kuungia unakwenda kwenye *h* ya "haya". Kama ni *a*, ameiacha wazi kabisa na nyembamba. Nimetafuta *a* zake za mwisho wa neno kwenye mistari ya mwisho ya kurasa: baadhi ni hivyo hivyo, mpando mmoja na mkia. Hapo ndipo penye doa zito pia, kwa hiyo siwezi kuapa.

MtuWaMvita:

Samahani kwa kuuliza. Mama yuko hai?

BintiWaMwalimu:

Yupo, alhamdulillahi. Ana mtoto wa jicho macho yote, ndiyo maana nachapa mimi. Nilikuwa sijamuuliza kwa makusudi, maana Mzee aliniandikia faraghani nisimwambie kwanza ninavyodhani mimi.

Mzee wa Makabrasha:

Nifafanue ili wengine wasidhani tulikuwa na siri. Msomaji wa pili asipewe jibu lako. Ukimwonyesha mtu picha na kumwuliza "hii si *hahitaji*?", ataiona *hahitaji*, na kuanzia hapo hataweza kuiona nyingine. Mpe mstari mzima, ukubwa mara mbili tatu, bila chapa yako pembeni, akuambie yeye. Mstari mzima, siyo neno lililokatwa peke yake, kwa sababu mkono hubadilika kutoka mstari hadi mstari na anahitaji kuona kasi yake.

BintiWaMwalimu:

Nimemkuzia kwenye luninga. Amesoma moja kwa moja bila kusita: "hahitaji kusahihishwa mbele ya wenzake, kwani huona haya." Nikamwuliza, mama una uhakika, au unasoma unachokijua? Akaniambia, "Nimefundisha miaka zaidi ya thelathini, sijawahi kumwaibisha mtoto mbele za watu." Sasa hilo ni jibu au siyo jibu?

KamusiHai:

Mwandishi mwenyewe amesema! Mnataka nini tena? Toa mabano, chapa.

Nyanda_Juu:

Mimi nipo na KamusiHai kwa hili. Ni mkono wake, ni darasa lake.

Mzee wa Makabrasha:

Mimi siko nanyi, kwa heshima zote kwa bi mkubwa. Alichojibu ni kuhusu alivyofundisha yeye. Wino ulioandikwa 1977 hakuuzungumzia. Inawezekana kabisa mkufunzi alisema kinyume, yeye akaandika kama alivyoambiwa, kisha akaingia darasani akaona haifai. Ushahidi wake ni mzito kuliko wa mtu mwingine yeyote, na lazima uandikwe, lakini uandikwe kama ushahidi wake. Usiingizwe ndani ya maandishi kana kwamba wino umesema.

Mimi ningechapa hivi:

```
Mtoto wa umri huu h[a/u]hitaji kusahihishwa mbele ya wenzake,
kwani h[uona/aoni] haya.
```

Kinachotangulia kwenye mabano ndicho unachoegemea. Chini ya ukurasa uandike kwa maneno ya kawaida kwamba shaka hizi mbili zinakwenda pamoja: ukichagua *a* ya kwanza, ya pili ni *huona*, na kinyume chake. Ukiacha maelezo hayo, mtu ataichanganya na kupata "hahitaji kwani haoni haya". Kisha uongeze kwamba mwandishi alipoonyeshwa mstari huo mwaka huu alisoma *hahitaji*.

BintiWaMwalimu:

Na yale yasiyosomeka kabisa? Yapo, hata baada ya picha nyekundu. Nukta tatu za binamu zimeshakufa?

Mzee wa Makabrasha:

Angalia kwanza mama mwenyewe anatumia alama gani. Wanafunzi huweka nukta tatu pale mkufunzi alipowapita, na huweka mabano ya duara kwa mifano. Alama yako lazima iwe ile ambayo haipo popote kwenye daftari, vinginevyo hakuna atakayejua pengo ni la 1977 au ni la kwako. Mabano ya mraba mara nyingi yanasalimika.

BintiWaMwalimu:

Kweli, nukta tatu anazo kila mahali. Mabano ya mraba hana hata moja.

Mzee wa Makabrasha:

Basi `[neno halisomeki]`, na likiwa zaidi ya moja `[maneno 2 au 3 halisomeki]`, hapana, `[maneno 2 au 3 hayasomeki]`, vidole vyangu vimezeeka. Liandike vile vile kila mara, herufi kwa herufi, ili Ctrl+F iyalete yote siku utakapopata picha bora. Palipochanika usiseme hapasomeki, sema `[karatasi imechanika]`, maana pale hakuna wa kupasoma hata aje na miwani gani. Neno moja alilolifuta mwenyewe kwa mstari nalo usilitupe kama linaonekana, `[limefutwa: kiboko]`, kwa mfano. Kwenye daftari la mwalimu mwanafunzi, kilichofutwa wakati mwingine ni kitamu kuliko kilichobaki.

Na pale unapoona mwanzo wa neno, toa huo mwanzo. `kuende[...]` inamwambia msomaji mengi kuliko kufuta lote. Ila kwa Kiswahili uwe mwangalifu na miisho: *kuendelea*, *kuendeleza*, *kuendesha*, *kuendekeza* zote zimeanza hivyo, na kila moja ni somo jingine.

Nyanda_Juu:

Kwenye nukta za ndani ya mabano mimi huweka idadi ya herufi ninazokadiria, moja moja. Nukta tano, herufi tano.

Mzee wa Makabrasha:

Kwenye maandishi ya kuchonga kwenye jiwe inafaa, herufi zina upana unaokaribiana. Kwenye mwandiko unaokimbia huwezi kujua kama mawimbi ya sentimita mbili ni herufi tano au tisa. Ukiweka nukta tano msomaji atakuamini. Afadhali useme "karibu sm 2".

Nyanda_Juu:

Sikubaliani sana, makadirio ni bora kuliko kukosa. Lakini sawa, kila mtu na kazi yake, mradi aeleze mwanzoni anachofanya.

KamusiHai:

Mimi bado nasema *hahitaji*. Mama mzima anasoma mwandiko wake mwenyewe, nyinyi mnampinga kwa mabano.

mwl_wa_zamu:

Nimerudi, nimesoma uzi wote, sasa nimeelewa swali. Nami nilipita chuo miaka ya themanini. Wakufunzi wengi walikuwa wanasoma kutoka kwenye daftari lao, mwaka hadi mwaka, neno kwa neno, sisi tunaandika. Kama ni hivyo, kuna mtu mwingine wa darasa lile anayo sentensi hiyo hiyo. Mama hana aliyesoma naye?

Mzee wa Makabrasha:

Hapo mwalimu umesema jambo. Daftari la pili la kipindi kile kile lina uzito kuliko sisi sote hapa.

BintiWaMwalimu:

Nimemwuliza sasa hivi. Anasema waliokaa dawati moja naye ni watatu. Mmoja ametangulia mbele ya haki. Wa pili yuko Bukoba, madaftari yake mchwa walishayamaliza. Wa tatu alihamia Tabora, hawajawasiliana tangu simu ziwe za mezani, lakini mdogo wake anajulikana sokoni. Binamu wa nukta tatu anakwenda Tabora mwezi ujao kwa shughuli zake, nimempa picha ya mstari huo. Nimemkataza kumwambia mtu mama alisoma nini.